Giza la Tangi na Giza la Chulebuni

Nililala mchana kweupe, juu ya gunia la kahawa, rozari mkononi. Kijijini kwetu mjane anayelala mchana husemwa mpaka Jumapili, lakini siku ile wote waliozoea kunisema walikuwa wametoka nyumbani kwangu muda si mrefu, matumbo yao yamejaa chai yangu, kwa hiyo sikuwajali. Nilikuwa nimechoka kwa hasira. Kazi ninaijua, ninalima, ninachuma, ninamenya, ninaanika, wala mgongo haulalamiki. Hasira ndiyo inayonilaza.

Chanzo ni Leokadia, mke wa mwanangu Wendelini. Wendelini ni mwalimu wilaya nyingine, huja likizo tu, na mkewe ninakaa naye mimi. Tangu mavuno yaliyopita mwanamke huyu aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta amezimika. Chakula anakichokonoa na kukiacha. Halali, na kitandani hatoki. Asipoambiwa aoge haogi. Nilimpeleka zahanati, mganga akamuuliza maswali mengi kwa upole, akaniambia, "Mama, hii ni sonona. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika." Akaandika barua ya rufaa aende hospitali ya wilaya. Barua nikaipokea kwa mikono miwili, nikaikunja vizuri, nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala. Huko ikakaa.

Ilikaa kwa sababu juma lile lile tulikuwa na mafungo parokiani, na padre mgeni akatufundisha juu ya usiku wa giza wa roho: jinsi Mungu anavyoweza kumnyima mtu ladha ya sala na ladha ya vitu vyote, ili amtakase. Alisema alama zake ni tatu, na sharti zionekane zote tatu pamoja. Ya kwanza tuliisikia vizuri: mtu haoni utamu kwa Mungu wala kwa kitu chochote kilichoumbwa. Hapo chai ikawa tayari, mimi nikatoka kumimina, na wenzangu wakatoka kunywa. Hivyo jumuiya yetu ilirudi nyumbani na alama moja kati ya tatu, na kwa alama hiyo moja tukaanza kupima watu.

Mama Hiltruda, mwenyekiti wetu, alimpima Leokadia wa kwanza. "Hii si sonona ya waganga," alisema. "Huyu ameingizwa usikuni." Tangu hapo wakawa wanakuja kumtazama kama sanamu ya Bikira iliyoletwa kutoka ng'ambo. Siku hiyo ninayoisimulia walikuja saba. Waliimba, walimshika mikono, na yeye akawatazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na vitu vyake. Sufuria kubwa akampa jirani, viatu vya kanisani akampa binti wa Hiltruda, na mimi akaniwekea magotini kitenge chake cha harusi. "Mama, hiki chukua wewe," akasema. Hiltruda akapiga makofi. "Mnaona? Ameachana na dunia! Mama Wendelini, nyumba yako imeteuliwa."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni nilikuwa nachemka kwa wivu, sioni sababu ya kuficha. Ni miaka mitatu sasa sala yangu imekauka. Nikisema rozari ni kama natafuna maganda. Zamani nilipotaja Yesu bustanini nilimwona kabisa, jasho na vumbi la magotini. Siku hizi nalazimisha picha na haiji. Nikajiambia ni ubaridi wangu, dhambi fulani niliyoisahau, na sikumwambia mtu. Halafu msichana huyu, ambaye Ijumaa kuu ya mwaka juzi alisinzia katika Njia ya Msalaba, ndiye anapewa usiku wa watakatifu! Nikaenda ghalani na kitabu changu na rozari yangu, nikakaa juu ya gunia. Fumbo la pili sikulifikia.

Nikajiona nimesimama mlimani, kwenye mteremko wa mibuni isiyo na mwisho, na giza limetanda ingawa jua niliweza kulihisi mgongoni. Mbele yangu palikuwa na geti kubwa lililopambwa kwa majani ya mgomba kama kwenye kipaimara, na kando ya geti ameketi mwanamke mnene aliyejipaka majivu usoni kwa ustadi, mistari imenyooka, kama amekaa mbele ya kioo asubuhi nzima. "Karibu, dada," akasema kwa sauti ya kufa. "Umekauka?" Nikamwambia nimekauka kidogo. "Kidogo haitoshi. Mimi naitwa Majisifu, hapa ni Baraza la Walioachwa na Mungu. Ingia, useme yako." Ndani walikuwa wamekaa duara, kila mmoja na majivu yake, na kila mmoja akisema yake kwa zamu huku wenzake wakisubiri kwa shida amalize. Mmoja alisema Mungu amemnyamazia miaka minne. Wa pili akasema minne ni michache, yeye sita. Wa tatu akalia kwa sauti nzuri sana, kisha akafungua jicho moja kuona nani anamtazama. Mzee wa makamo mwenye suti akasema usiku wake ni mzito kiasi kwamba hata maaskofu wangekimbia, na walipokosa kumpigia makofi akanuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Niliwatazama vizuri. Watu hawa walikuwa wanakula! Chini ya kila kiti palikuwa na sahani. Walikuwa wanalala, wanavaa, wanapendezwa, na walichokiita giza ni kioo walichojishikia usoni.

"Umeshiba kuwatazama?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona mwanamke kijana, mikono imekunjwa mpaka juu ya viwiko, imelowa, na ananukia chachu ya kahawa iliyovundikwa. "Shikamoo, mama," akasema. "Marahaba," nikaitikia, na baadaye nilijuta kwamba sikumtangulia mimi kwa shikamoo. Jina lake ni Utambuzi, na kazi yake nchini mle ni kupokea kahawa. "Twende," akasema. "Hawa siwapokei. Hawajawahi hata kuchumwa."

Majisifu akatupigia kelele, "Huyo ni wangu! Ameniambia amekauka!"

"Ukimtaka uje umfuate huku matopeni," Utambuzi akamjibu bila kugeuka, na yule mama akaangalia mistari yake ya majivu, akabaki kitini.

Tulishuka kidogo tukamkuta mwanaume amejilaza katikati ya njia, kichwa juu ya Biblia, anatafuna muwa. Nikamwuliza mbona amelala njiani. "Napumzika," akasema. "Kutoka wapi?" Akafikiri. "Sijaenda popote." Nikamwuliza kama anasali. "Zamani. Siku hizi sioni ladha." Nikashtuka, maana ni maneno yangu hasa. Utambuzi akanitazama usoni, kisha akachuchumaa karibu na yule mwanaume. "Bwana Vuguvugu, na jambo hilo linakuuma?" "Linaniuma nini?" "Kwamba Mungu yuko mbali." Vuguvugu akatema kapi. "Mungu yupo tu. Kwani anakwenda wapi? Mwisho wa mwaka nitamtafuta. Una muwa mwingine?" Utambuzi akainuka, akamruka. "Hiyo ndiyo alama ya pili, mama," akaniambia. "Ile uliyoikosa ulipokuwa unamimina chai. Aliye katika usiku wa Mungu hana ladha kama huyu, lakini hatulii. Anahangaika kwamba anarudi nyuma, kwamba hamtumikii Mungu, kwamba amemkosea mahali. Moyo wake unamgeukia Mungu wakati wote kwa maumivu. Huyu hana ladha, na hana habari."

Nilikuwa nawaza mahangaiko yangu ya miaka mitatu, nikayafukuza haraka, kwa maana sikwenda ndotoni kujitetea.

Njia ikagawanyika. Kushoto chini palikuwa peusi, na kulia chini palikuwa peusi, na kwa jinsi macho yangu yalivyoona ni weusi mmoja. Nikasema hivyo. Utambuzi akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyeheshimu kosa. "Umelima kahawa miaka thelathini na tano," akasema. "Matunda yakiwa meusi mtini, ni nini?" "Chulebuni," nikasema. "Ugonjwa. Linaoza likiwa bado changa." "Unafanyaje?" "Unapiga dawa, unakata matawi, unafungua mwanga uingie." "Huvuni ukasema kahawa imeiva mapema?" "Mjinga gani atasema hivyo?" Akanitazama bila kupepesa. "Na kahawa iliyomenywa, ukiitia kwenye tangi, ukaifunika gizani ichachuke, inanuka?" "Inanuka sana." "Imeoza?" "Haijaoza. Ule utelezi ndio unaachia. Ukiianika na utelezi wake inaharibika." "Unajuaje kama utelezi umetoka?" "Unasugua kwa kiganja. Ikikwaruza kama kokoto, iko tayari." "Basi unajua kila kitu," akasema Utambuzi, "na hujafanya lolote." Akashika njia ya kushoto.

Huko kulikuwa na shamba la mibuni imelala, matunda meusi, madogo, yamenyauka mashinani. Na juu ya kila shina kilikaa kitu kimoja chenye sura ya mwanamke, kizito, bila macho, kimewalalia watu vifuani kama kuku anavyolalia mayai. Hakikuwa na hasira. Hakikuwa na dini pia. "Huyo ni Sonona," Utambuzi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapoteza dharau. "Usimtukane yeyote unayemwona chini yake. Hawakumwita. Wengine aliwapata kwa msiba, wengine kwa uzazi, wengine kwa damu ya ukoo, wengine bila sababu yoyote." Nikasikia yule Sonona ananong'ona, na nilitega sikio nijue kama anataja jina la Mungu. Hakulitaja. Alikuwa anasema jambo moja tu, taratibu, bila kuchoka: hufai, hukuwahi kufaa, bila wewe wangepumua. Aliwanyima watu usingizi, chakula, nguvu ya kufunga kamba ya kiatu, sauti ya mtoto, rangi ya nguo. Hakuchagua sala peke yake.

Na chini yake nikamwona Leokadia, amekaa ndani ya shimo, anafunga vitu vyake katika vifurushi vidogo vidogo, nadhifu, kila kimoja na jina la mtu. Juu ya kingo za shimo walisimama wanawake wanane wakiimba na kumrushia maua, na maua yalipomwangukia yalizidi kumzika. "Hongera!" walisema. "Hongera, mteule!" Niliwadharau kwa roho yangu yote. Nikasema kwa sauti, "Tazama wapumbavu hawa! Mtu anazama, wao wanapiga vigelegele." Utambuzi akasema, "Mhesabu yule wa mwisho." Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo, kitabu cha sala kwapani, kitenge kipya cha harusi mabegani. Alikuwa haimbi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, kwa wivu, na katikati ya kurasa za kitabu chake ilichomoza ncha ya karatasi nyeupe.

Dharau yangu yote ikanirudia ikakaa mahali pake.

"Alikupa nini?" Utambuzi akauliza. "Kitenge." "Ukasema nini?" "Niliitikia kwamba ameachana na dunia." "Mama, unayo macho, nayo si mabaya. Anayepitishwa usikuni huachilia vitu ili Mungu apate nafasi, naye mwenyewe abaki. Huyu anaachilia vitu kwa sababu hapangi kubaki. Tazama vifurushi. Ameacha kimoja chake?" Nikatazama. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina la Leokadia. Nikataka kushuka shimoni, Utambuzi akanishika mkono. "Hapa hutamfikia, huku ni ndoto. Utamfikia kwenu. Njoo kwanza uone la pili, usije ukarudi ukatupa na lililo jema."

Akanipeleka kulia, mpaka kwenye tangi kubwa lililofunikwa, akainua kifuniko kidogo. Harufu ilikuwa kali. Ndani walikuwamo watu gizani, na walikuwa na huzuni, sitawadanganya. Mmoja alikuwa anasema, "Uko wapi? Nimekukosea nini?" huku anapikia wagonjwa uji, na uji haukuungua. Mwingine alijaribu kutafakari fumbo moja baada ya lingine kama alivyofundishwa utotoni, picha hazikuja, mawazo hayakushikana, akaacha, akakaa kimya tu anaelekea upande asioona kitu. Hakuwa amelala wala hakuwa ameduwaa. Alikuwa kama mke aliyekaa na mume wake bila mazungumzo. "Hiyo ndiyo alama ya tatu," Utambuzi akasema. "Hawezi tena kutafakari kwa picha na fikra hata akijilazimisha, na akiacha kujilazimisha anavutwa kukaa kimya na Mungu kwa upendo, bila kujua anafanya nini. Wanakula, wanalala, wanalima, wanataniana. Wanawahurumia wenzao kuliko zamani. Ukiwauliza kama wangependa kurudi kwenye utamu wa kwanza, wanalia, halafu wanasema hapana. Ndani kabisa wanajua kwamba njia ni hii, ingawa hawawezi kukuthibitishia."

Nikamwuliza kama ndiyo mwisho. Akaonyesha chini ya tangi tangi lingine, refu zaidi, ambako wachache hufikishwa, na huko, alisema, hauondolewi utelezi wa hisia tu bali mizizi yenyewe ya kujipenda. Mtu huona unyonge wake wote kwa mara moja, akadhani Mungu mwenyewe amemtupa. "Usiutamani," akasema. "Anayeutamani hana habari nao. Wala haupatikani kwa kujinyima chakula na kujivika majivu. Mtu anaweza kujiandaa, lakini kifuniko hufunikwa na Mwenye kahawa."

"Na mtu aweza kuwa na vyote viwili?" nikauliza. "Kuwa tangini na kuwa na ugonjwa?"

"Aweza sana. Ndiyo maana ugonjwa unatibiwa kwanza, bila kubishana. Dawa ya hospitali haimfukuzi Mungu. Mnamwona mdogo kiasi gani ninyi, mnadhani anatoroka kidonge?" Kisha akachota kahawa tangini, akaniwekea kiganjani. "Sugua." Nikasugua. Bado ilikuwa na utelezi, lakini huku na huku ilikwaruza. "Ya nani hii?" nikauliza. Nikainusa, nikaijua. Inanuka ghala langu, inanuka miaka yangu mitatu, maganda ya rozari niliyotafuna kila jioni bila kuacha hata moja. Nikaanza kulia, na ndani ya kilio nikaanza pia, naungama, kunyoosha shingo kidogo. Utambuzi akaniona. "Eh, mama! Geti la Majisifu bado liko wazi, nikurudishe?" Nikainamisha shingo. "Hiyo ni yako na ya padre wako wa maungamo, atakayejua kuliko wewe. Usilazimishe picha. Kaa naye tu. Sasa amka, kuna mtu anafunga vifurushi."

Nikaamka. Alama za gunia zilikuwa shavuni, na jua bado lilikuwa juu ya mgomba. Sikukaa kufasiri ndoto. Nilifungua kitabu, nikachomoa barua, nikaenda nyuma ya jiko, nikamkuta Leokadia amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Nikakaa chini kabisa, mbele ya miguu yake. "Leokadia mwanangu, nakuuliza, na usinijibu ya kunifurahisha. Unataka kufa?"

Akawatazama kuku waliotuzunguka. "Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Walipoanza kunipigia makofi nikaona hata Mungu anataka."

"Hataki. Sisi ndio tulioropoka, na mimi nikiwamo. Vaa viatu."

"Nimevigawa."

Nikavua vyangu nikamvalisha, nikamfunga kitenge chake kiunoni kwa nguvu kama anavyofungwa mtoto wa shule. Nikamwita kijana wa pikipiki mwenye adabu, tukapanda wote wawili, yeye katikati, nimemkumbatia ili nisikie anavyopumua. Njia panda tukakutana na Hiltruda, kandili mkononi. "Jamani, Mama Wendelini! Mnampeleka wapi mteule? Novena inaanza leo kwenu!"

"Tunakwenda hospitali ya wilaya. Nenda kamvue mwanao viatu vya mwenzie, halafu uanze novena."

"Unaingilia kazi ya Mungu!"

"Hujaisikia kazi ya Mungu, Hiltruda. Ulikwenda kunywa chai. Na mimi ndiye niliyeimimina."

Njiani nilijaribu kusali, sikuona kitu, kukavu kama kawaida. Safari hii sikulazimisha. Nilikaa tu nikielekea kwake, Leokadia mikononi mwangu.

Daktari wa zamu alimsikiliza Leokadia peke yake muda mrefu, akatoka akasema hataruhusu arudi nyumbani usiku huo, na kwamba tumefika wakati ambao kuchelewa kungekuwa kubaya sana. Kisha akaikunjua barua juu ya meza, akaisoma, akaangalia tarehe mara mbili.

"Mama, hii ni ya miezi miwili iliyopita. Ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, miguu yangu mitupu juu ya sakafu yake safi. "Katika kitabu cha sala. Nilikuwa nimeiweka iwe alama, kwenye ukurasa wa Sala kwa Wagonjwa."